Karanga, njugu na korosho: lebo ya chakula inavyotafsiriwa kwa mtu mwenye mzio

Ukigeuza pakiti ya biskuti iliyoagizwa kutoka nje, mara nyingine utakuta stika ndogo nyeupe ya Kiswahili imebandikwa kando ya maandishi ya kiwandani. Wanunuzi wengi hawaisomi. Anayeisoma ni mama ambaye mwanawe akionja maziwa huvimba midomo na kubanwa kifua, au mtu mzima mwenye siliaki, ugonjwa ambao utumbo huumizwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na jamaa zake. Wasomaji hawa hawana haja na habari nzima ya biskuti. Wanatafuta neno moja tu, na wasipoliona wananunua.

Kwenye barua au hadithi, neno lililokosewa kidogo huokolewa na maneno yanayolizunguka. Kwenye orodha ya vilivyomo hakuna cha kuliokoa, kwa kuwa kila neno limesimama peke yake kati ya mkato na mkato. Mtu akisoma "karanga" mahali ambapo kiwanda kiliandika kitu kingine, hana pa kushtukia.

Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula unaosimamiwa na FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, una kiwango cha mwaka 1985 kuhusu lebo za vyakula vilivyofungwa. Kiwango hicho kinaruhusu lebo ya nyongeza pale ambapo lugha ya lebo ya asili haieleweki kwa mnunuzi, kwa sharti kwamba taarifa za lazima zilingane kikamilifu na kwa usahihi na zile za asili. Kwa anayeshika kalamu, sharti hilo naona linashuka hadi jambo moja: kila kitu kilichotajwa kiendelee kuonyesha chakula kilikotoka, bila kupanuliwa wala kufinywa. Ni rahisi kulisema, ila maneno yetu ya kila siku ya jikoni hayakutungwa kwa kazi hiyo.

Karanga ndiyo mfano mkubwa. Kitaalamu karanga ni ya jamii ya kunde, inakomaa ardhini, na mzio wake unaandikwa peke yake kwenye sheria karibu zote. Korosho, lozi, pista, hezelinati na wolnati zinatoka mitini na zinahesabiwa kundi jingine. Mtu anaweza kuwa na mzio wa karanga akala korosho bila shida, na mwingine akawa kinyume chake. Kiingereza kina neno "nuts" linalolifunika kundi hilo la pili, na katika mazungumzo ya kawaida huichukua hata karanga. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Mtu wa Mtwara aliyekulia chini ya mikorosho hajawahi kuiita korosho karanga, wala hatawahi.

Kwa hiyo mtafsiri akikutana na "nuts" hushawishika kuandika "karanga", au akijitahidi zaidi, "karanga za miti". Tafsiri zote mbili zina hatari ileile. Mwenye mzio wa karanga ataiacha pakiti ambayo pengine angeweza kuila. Mwenye mzio wa korosho atapita juu ya neno hilo bila kusita, kwa sababu halimhusu. Wapo wanaokimbilia "kokwa", lakini kwa wasomaji wengi kokwa ni ile mbegu ngumu ya embe.

Ukiandika "njugu" mambo yanazidi kuchanganyika. Nairobi na Mombasa njugu ni karanga zile zinazouzwa kwenye vikaratasi barabarani. Sehemu nyingi za Tanzania ukisema njugu mtu anafikiria njugu mawe, zile za mviringo zinazochemshwa. Kuna na njugu nyasa, jina la zamani la karanga ambalo bado lipo kwenye makamusi na midomoni mwa wazee. Stika moja ikiuzwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga, neno "njugu" linataja vyakula viwili. "Karanga" inaeleweka kote, kwa hiyo ndiyo ya kutumia, na itumike kwa karanga peke yake.

Kwa zile za mitini, njia salama ni kutaja kila moja kwa jina lake: korosho, lozi, pista. Zisizo na jina lililozoeleka, kama hezelinati, ziandikwe kwa tahajia ya Kiswahili na kando yake libaki neno lililo kwenye pakiti kama lilivyo. Najua wapenda lugha hawaipendi tabia hiyo. Lakini huyu mnunuzi kesho atakutana na pakiti nyingine isiyo na stika, na karatasi ya daktari wake huenda iliandikwa kwa Kiingereza. Anahitaji kulijua neno lile kwa sura.

Nafaka nazo zina mtego wake. "Unga" kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida, asipoambiwa zaidi, ni unga wa mahindi wa kusongea ugali, na mahindi hayana gluteni inayomdhuru mwenye siliaki. Stika inayosema "unga, sukari, mafuta" inaweza kusomwa na mgonjwa huyo kama ruhusa. Shayiri ni kizungumkuti kingine, maana wengine wanaiita hivyo ile nafaka ya kutengenezea bia, na wengine wanaiita hivyo nafaka ya uji wa oti. Mwenye siliaki anatakiwa kuikwepa ya kwanza kabisa, ilhali oti zilizolindwa zisichanganyike na ngano huvumiliwa na wagonjwa wengi. Afadhali kuitenga: shayiri ibaki shayiri, na oti iitwe oti.

Halafu kuna kimea. Lebo nyingi za biskuti, nafaka za asubuhi na vinywaji vya chokoleti vya unga zina dondoo ya kimea cha shayiri. Mtafsiri akiandika "kimea" peke yake, ameandika Kiswahili kizuri na ameficha gluteni, kwa kuwa kimea tunachokijua ni cha ulezi au mtama, kile kinachotiwa kwenye togwa. Ulezi na mtama havina gluteni hiyo. Bibi wa Songea akisoma "kimea" ataona chakula anachokifahamu, kisichomdhuru mjukuu wake.

Siagi nayo ina sura mbili. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki huita siagi kile kinachopakwa kwenye mkate asubuhi, hata kama ni majarini iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa maziwa aliyezoea kula "siagi" bila kudhurika anaweza kuiamini siagi ya kweli itokanayo na maziwa. Upande wa pili kuna siagi ya karanga na siagi ya kakao, ambazo hubeba jina hilo bila kuwa na maziwa ndani yake. Kwa nazi lugha yetu imetusaidia: tunasema tui, hatusemi maziwa, na mtafsiri anayeandika "maziwa ya nazi" kwa kuiga lebo ya kigeni anaharibu kitu kilichokuwa sawa tangu mwanzo.

Kwa vyakula vya baharini watu wa pwani wana maneno ya kutosha, tatizo ni kuyapanga. Lebo za Ulaya zinatenga makundi matatu: samaki wenyewe; kamba, kaa na kamba-koche; kisha pweza, ngisi, chaza na kome. Mzio wa kundi moja hauleti lazima mzio wa jingine. Neno la Kiingereza "shellfish", linalofunika makundi mawili ya mwisho pamoja, mara nyingi hutafsiriwa "samaki wa magamba". Msomaji hapo anafikiria changu na tasi, samaki wa kuparua magamba, na kamba anamsahau kabisa.

Majina yanayoficha asili

Tatizo la pili linaanzia kiwandani. Vyakula vinavyoleta mzio huingia kwenye orodha kwa majina ya kitaalamu ambayo hata msomaji wa Kiingereza anaweza asiyatambue. Maziwa ndiyo yenye majina mengi. Yakigandishwa kutengeneza jibini, yale maji yanayobaki hukaushwa kuwa unga, na unga huo huitwa "whey". Protini ya upande wa jibini huitwa kaseini, na ikichanganywa na sodiamu huwa kaseineti, inayotiwa kwenye poda nyeupe za kuweka kwenye kahawa. Mwenye mzio wa maziwa hudhurika na protini hizi hasa. Kuandika "unga wa wei" au "sodiamu kaseineti" ni kuhamisha sauti tu. Tafsiri inayofanya kazi ni ile inayokitaja chakula: "unga wa wei wa maziwa", "kaseineti ya maziwa".

Yai nalo huja kama albumini. Ngano huja kama semolina, kuskusi, bulguri au spelti. Karanga kwenye mafuta fulani huandikwa kwa jina la Kilatini, arakisi. Kwa Ulaya na Marekani sheria inalazimisha chakula chenyewe kitajwe wazi, ama palepale kwenye orodha au kwenye sentensi ya chini yake, kwa hiyo mtafsiri wa pakiti za huko mara nyingi ana jibu mbele ya macho. Kwa pakiti zinazotoka mahali ambapo sheria ni legevu, itambidi amwandikie mtengenezaji na kuuliza.

Ipo na mitego ya kinyume, majina yanayotisha bure. Bakwiti, mbegu inayosagwa kuwa unga, ambayo jina lake la Kiingereza limebeba neno ngano ndani yake, haina undugu na ngano. Asidi ya laktiki inasikika kama maziwa, lakini viwandani kwa kawaida huchachushwa kutoka kwenye sukari ya mimea. Kungumanga kwa Kiingereza imeitwa kwa neno lenye "nut", nayo ni kiungo cha pilau. Mtafsiri anayeongeza neno maziwa, ngano au karanga kwenye majina haya yote "kwa tahadhari" hamsaidii mtu. Mgonjwa anayekatazwa vyakula bila sababu huishia kutoiamini stika yoyote.

Namba za Ulaya zinazoanza na E ni suala la pembeni lenye kasoro moja kubwa. E322 ni lesithini, kitu kinachoshikanisha mafuta na maji. Lesithini hutoka kwenye soya, kwenye alizeti au kwenye yai, na namba haisemi ni ipi. Lebo ya asili ikisema "lesithini ya soya" na stika ikaandika "E322", soya imepotea ingawa hakuna kilichoandikwa kimakosa.

Huenda, ina, haina

Sehemu ya onyo chini ya orodha ina maneno machache kuliko orodha yenyewe, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi.

Kiwanda kikitengeneza biskuti za aina kadhaa kwa mashine moja, vumbi la karanga la asubuhi linaweza kuingia kwenye biskuti za mchana zisizo na karanga. Hapo huandikwa onyo kwamba chakula huenda kikawa na karanga. Ulaya, Uingereza na Marekani onyo la aina hii ni la hiari kwa sehemu kubwa. Yule asiyeliandika huenda ana mashine safi, huenda pia hakujishughulisha kupima. Likiandikwa, linaeleza uwezekano.

Stika nyingi hugeuza uwezekano huo kuwa hakika: "ina chembe za karanga". Mtu atasema afadhali kutisha kupita kiasi. Shida ni kwamba msomaji aliyezoea kuona "ina" kila mahali hawezi tena kutofautisha biskuti iliyotiwa karanga kwa kusudi na ile iliyotengenezwa jirani nayo, na daktari wake huenda amempa maelekezo tofauti kwa kila moja. Wengine huandika "inaweza kuwa na karanga". Si kosa, ila "inaweza" kwa masikio ya wengi ina harufu ya uwezo au ruhusa. "Huenda ikawa na karanga" haina utata. Na maneno "kiasi kidogo" yasiongezwe kama kiwanda hakikuyasema, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Onyo likitaja "nuts" tu, bila aina, mtafsiri amebanwa. Akiandika "korosho, lozi na pista" amedai kwamba anajua ni zipi, na mwenye mzio wa wolnati atajiona yuko salama. Mimi ningeandika: "Huenda ikawa na mbegu za jamii ya korosho, lozi, pista au nyinginezo, kiwanda hakikutaja aina." Inakula nafasi, lakini inasema kile kile kilichosemwa, pamoja na pengo lake.

Madai ya "haina" yanahitaji umakini wa aina nyingine. Maziwa yasiyo na laktozi ni maziwa. Kiwanda kimetia kimeng'enya kinachoikata sukari ya laktozi kuwa glukosi na galaktozi, ili mtu ambaye tumbo lake haliwezi kuikata mwenyewe asiharishe. Kaseini na protini za wei zimebaki zilivyokuwa. Stika inayosema "haina maziwa" badala ya "haina laktozi" inampa mtoto mwenye mzio glasi ya kitu kilekile kinachomfunga pumzi. Kosa hili ni rahisi kufanyika kwa sababu kwa lugha ya mtaani mtu akisema "maziwa yananikataa" anaweza kumaanisha hali yoyote kati ya hizo mbili.

Poda za kahawa zinazojiita si za maziwa ni ndugu wa kosa hilo. Nyingi zina kaseineti, na kanuni za Marekani zinataka kaseineti iliyomo ndani yake ifuatiwe na maelezo kwamba imetokana na maziwa. Mtafsiri akilitafsiri jina kubwa la mbele likawa "haina maziwa" na akayaruka maelezo madogo ya nyuma, ametengeneza pakiti hatari kuliko ile ya asili.

Stika moja, neno kwa neno

Tuseme kuna biskuti ambazo lebo yake ya Kiingereza inasema, kwa maana: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, hezelinati asilimia 8, unga wa wei wa maziwa, dondoo ya kimea cha shayiri, kishikanishi ambacho ni lesithini ya soya, baikaboneti ya sodiamu ya kuumulia, chumvi, kitia ladha. Chini yake: huenda zikawa na karanga, mayai na ufuta. Ngano, hezelinati, maziwa, shayiri na soya zimekolezwa wino, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataka vyakula vya mzio vitofautishwe na maandishi mengine. Pakiti ni ya kutungwa. Makosa yafuatayo ni ya aina inayotokea kweli.

Stika mbaya inasomeka hivi: "Viungo: unga, sukari, mafuta ya mimea, karanga, wei, kimea, E322, hamira, chumvi, ladha. Ina chembe za njugu, mayai na ufuta."

Mpe stika hiyo mwenye siliaki. Ngano haipo, shayiri haipo, ananunua. Mpe mwenye mzio wa maziwa, aone "wei", asitambue, anunue. Mwenye mzio wa soya haoni soya. Mwenye mzio wa hezelinati haoni hezelinati. Mwenye mzio wa karanga anaona karanga kwenye orodha kuu na njugu kwenye onyo, akajiuliza kama ni vitu viwili. Stika ina maneno kumi na zaidi ya Kiswahili safi, na kati ya vyakula vitano vilivyokolezwa wino kwenye lebo ya asili haikubaki hata kimoja.

Hata neno la kwanza si zuri. Jikoni "viungo" ni iliki, mdalasini na wenzake, na msomaji asiyezoea lebo anaweza kudhani orodha ni ya manukato. "Vilivyomo" inatosha. Hamira nayo ni chachu hai, si baikaboneti, kosa dogo kwa wengi lakini si kwa yule aliyeambiwa aache chachu.

Stika ambayo ningeipitisha ni hii: "Vilivyomo: unga wa NGANO, sukari, mafuta ya mawese, HEZELINATI 8% (hazelnut), unga wa wei wa MAZIWA, dondoo ya kimea cha SHAYIRI, lesithini ya SOYA, baikaboneti ya sodiamu, chumvi, kitia ladha. Huenda ikawa na KARANGA, MAYAI, UFUTA (simsim)."

Mpangilio umebaki uleule kwa sababu nao ni taarifa. Orodha huanza na kilicho kingi kwa uzito na kushuka, kwa hiyo kupanga upya ili sentensi ipendeze ni kupotosha kiasi. Ufuta umepewa jina la pili kwa kuwa Kenya na Uganda wengi wanaujua kama simsim. Herufi kubwa zimechukua nafasi ya wino mzito, kwani printa ndogo za stika mara nyingi hazitofautishi wino mzito na mwepesi. Shayiri imeachwa peke yake bila mabano, na kama kungekuwa na oti ingeandikwa kwa jina lake.

Kukagua

Ukaguzi wa kwanza ni wa kuhesabu. Orodhesha vyakula vya mzio vya lebo ya asili: ngano, hezelinati, maziwa, shayiri, soya, kisha vitatu vya onyo. Jumla ni vinane, vitano kwenye orodha na vitatu kwenye onyo. Vihesabu kwenye stika. Hesabu ikipungua kuna kilichopotea, ikizidi kuna kilichobuniwa. Stika mbaya ya hapo juu ingeanguka kwenye hatua hii bila mtu kuhitaji ujuzi wowote wa lugha.

Ukaguzi wa pili unahitaji mtu ambaye hajaiona lebo ya asili. Mpe stika airudishe kwenye Kiingereza, au lugha yoyote ilikotoka, kisha uweke mbili hizo pamoja. "Kimea" kitarudi kama kimea bila shayiri, na hapo ndipo utaona. Watu wa dawa hutumia njia hii siku nyingi kwa fomu za ridhaa na maswali ya utafiti, na kwa chakula haina sababu ya kuachwa.

Wa tatu ninaupenda zaidi ingawa ni wa kienyeji. Wape stika watu wa sehemu mbalimbali, tuseme mmoja wa Mombasa, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Bukavu, uwaulize swali la moja kwa moja: mtoto asiyetakiwa kula karanga atapewa hizi? Asiyetakiwa kula maziwa je? Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu kila mtu husema ameelewa. Jibu lao la ndiyo au hapana likitofautiana na lebo ya asili, neno lililowapoteza litajitokeza lenyewe.

Kwa wanaofanya kazi majumbani Oman na nchi za Ghuba, ambako lebo nyingi zina Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, Kiswahili kinawapa msaada na mtego kwa pamoja. Simsim ni simsim kwa lugha zote mbili, lozi ni ileile lauzi ya Kiarabu, samli imetoka samni, na shairi ya kwao ni shayiri ile ya bia. Lakini karanga Kiarabu huiita kwa jina la "maharage ya Kisudani", fuli sudani. Dada aliyeachiwa mtoto mwenye mzio akiona neno fuli bila kuelezwa atafikiria kunde au maharage, asishughulike nalo.

Baada ya ukaguzi wote bado kuna vitu ambavyo tafsiri haiwezi kuviongeza. Kila nchi ina orodha yake ya vyakula vinavyolazimika kutajwa. Umoja wa Ulaya una 14, miongoni mwao haradali, selari, pweza na jamaa zake. Marekani ina 9, na ufuta uliingia wa mwisho, ukaanza kulazimishwa tarehe 1 Januari 2023. Haradali haimo kwenye orodha ya Marekani, kwa hiyo inaweza kujificha ndani ya neno "viungo" kwenye mchuzi wa chupa uliotoka huko. Mtafsiri haruhusiwi kuibuni, na wala haruhusiwi kuandika kwamba haimo. Kama stika inabeba anwani ya mwagizaji, mwenye mzio wa haradali anapaswa kupata jibu kwa kupiga simu huko, na mwagizaji awe amekwisha kumwuliza mtengenezaji.

Nazi inaonyesha jinsi orodha hizi zinavyohama. Kwa miaka mingi mamlaka ya chakula ya Marekani iliihesabu pamoja na korosho na lozi, hadi ilipoiondoa kwenye mwongozo wake wa Januari 2025. Kwa hiyo sentensi ya onyo kwenye pakiti ya zamani kutoka huko inaweza kutaja mbegu za mitini wakati kilichomo ni nazi tu. Mpishi wa Tanga anayepika kwa tui kila siku ataona ajabu, na stika inayotaja nazi kwa jina lake itamwondolea mashaka.

Kiwanda hubadilisha mapishi bila kupiga mbiu. Mafuta ya alizeti yakipanda bei huingia soya, na lebo ya asili huchapwa upya. Rundo la stika za Kiswahili lililochapwa mwaka jana bado liko dukani, na kijana wa stoo anaendelea kubandika. Kwa hiyo stika ibebe namba ya toleo la lebo iliyotafsiriwa, na kabla ya kila shehena mtu mmoja afungue katoni, asome pakiti ya ndani dhidi ya stika, vyakula vile vinane kimoja kimoja. Stika yenyewe ibandikwe mahali tupu pa pakiti, isifunike orodha ya asili wala tarehe ya mwisho wa matumizi, ili anayejua Kiingereza aweze kuikagua kwa macho yake pale pale dukani.